Lamda ya nani? Kuchagua kasi ya kusahau unapokadiria kuyumba kwa bei

Programu nyingi za kupima hatari ya uwekezaji huja na namba 0.94 ikiwa imeshawekwa tayari. Wengi huiacha ilivyo. Si namba mbaya, lakini ilichaguliwa na watu wengine, kwa data yao na kwa kazi yao. Mwongozo huu ni kwa anayetaka kuichagua mwenyewe. Huenda ni mtunza fedha wa kampuni inayoagiza bidhaa kwa dola, mchambuzi wa mfuko wa pensheni, au mwekezaji mwenye lahajedwali na subira. Unachohitaji ni bei za kufungia soko za miaka michache na hesabu za sekondari.

Tuanze na mashine yenyewe, maana ni ndogo. Kila siku unachukua badiliko la bei kwa asilimia, tuliite r. Unalizidisha kwa lenyewe, ili kupanda na kushuka vihesabiwe sawa. Kisha unalichanganya na makadirio uliyokuwa nayo:

```
v_kesho = λ × v_leo + (1 − λ) × r²
```

Hapa v_leo ni makadirio uliyoyafanya jana kwa ajili ya leo, na r ni badiliko lililotokea leo. Hiyo v ni variansi. Kipeuo chake cha pili ndicho kuyumba kwa siku, kwa asilimia ileile tunayoizungumza kila siku. Katika Excel, ukiweka mabadiliko kwenye safu ya B na variansi kwenye safu ya C, andika `=0.94*C2+0.06*B2^2` katika C3 kisha ivute hadi chini. Angalia kwamba C3, yaani makadirio ya siku ya tatu, inatumia badiliko la siku ya pili. Ukikosea mstari mmoja ukatumia B3, mfano wako utakuwa unajua matokeo ya siku kabla siku haijafika. Majaribio yote yatapendeza, na hayatakuwa na maana yoyote.

Wastani wa badiliko lenyewe hatuutoi. Tunauchukulia kuwa sifuri, kwa sababu kwa siku moja wastani huo kwa kawaida ni mdogo mno kulinganisha na kuyumba, na kuukadiria huleta makosa zaidi ya yale unayoyaondoa. Baadaye tutaona mahali ambapo dhana hii inamponza mtu vibaya.

Lamda, yaani λ, ni kasi ya kusahau. Kwa 0.94, tukio la leo linapewa uzito wa asilimia 6. Kesho uzito huo unabaki asilimia 94 ya ulivyokuwa, keshokutwa asilimia 94 ya hiyo, na kuendelea. Hakuna siku inayofutwa kwa mkupuo. Huo ndio ubora wake mkubwa dhidi ya wastani wa kawaida wa, tuseme, siku 60. Katika wastani wa kawaida, siku ya msukosuko inakaa na uzito uleule siku 60 nzima, halafu inatoka ghafla. Kuyumba kunaporomoka kwenye jedwali lako siku ambayo sokoni hakukutokea chochote, na mkubwa wako anauliza kuna nini.

Usiifikirie lamda kama desimali. Ifikirie kama siku. Nusu-uhai wake ni idadi ya siku zinazopita hadi uzito wa tukio uwe nusu, na unaupata kwa kugawanya logarithi ya 0.5 kwa logarithi ya λ. Kwa 0.90 ni takribani siku 7, kwa 0.94 ni siku 11, kwa 0.97 ni siku 23, na kwa 0.99 ni siku 69. Hizi ni siku za soko, kwa hiyo 0.94 ni zaidi kidogo ya wiki mbili za kazi, na 0.99 ni zaidi ya miezi mitatu. Mtu akikuambia lamda yake ni 0.98, geuza kwanza kuwa siku 34, ndipo ujadiliane naye. Kati ya 0.98 na 0.99 kuna umbali mkubwa kuliko kati ya 0.85 na 0.90, ingawa desimali zinaonyesha kinyume.

Namba 0.94 ilitoka wapi

Mwaka 1994 benki ya J.P. Morgan ya New York ilitoa hadharani mfumo wake wa kupima hatari uitwao RiskMetrics, pamoja na data za kila siku. Toleo la nne la kitabu chake cha ufundi lilitoka Desemba 1996, na ndilo lililoeneza namba mbili: 0.94 kwa makadirio ya siku moja, na 0.97 kwa makadirio ya mwezi, mwezi wao ukiwa siku 25 za biashara.

Njia waliyotumia haikuwa ya siri. Walichukua mamia ya mifululizo ya bei na viwango, ikiwemo sarafu, riba na fahirisi za hisa za nchi mbalimbali. Kwa kila mmoja walijaribu lamda nyingi. Kwa kila lamda walilinganisha variansi iliyotabiriwa na mraba wa badiliko lililotokea, wakachukua ile iliyotoa wastani mdogo kabisa wa mraba wa makosa. Kisha waliunganisha lamda hizo zote kuwa moja kwa wastani wenye uzito, mifululizo iliyotabirika vizuri ikipewa sauti kubwa zaidi.

Kwa nini namba moja kwa kila kitu, wakati kila mfululizo ulikuwa na yake? Sababu kuu ni ya kihesabu. Mwenye mali nyingi hahitaji kuyumba kwa kila mali tu, anahitaji pia kujua zinavyokwenda pamoja. Ukitumia lamda moja kwa dola, nyingine kwa hisa na nyingine tena kwa ajili ya uhusiano wao, jedwali la uhusiano linaweza kupingana lenyewe, hadi likakupa mkusanyiko wa mali wenye variansi hasi, jambo lisilowezekana. Lamda moja kwa jedwali zima inalizuia hilo. Kwa hiyo 0.94 ni maafikiano. Ukiwa unashughulika na bei moja tu, tuseme dola dhidi ya shilingi, sababu hiyo haikuhusu.

Wiki nne za 2020

Nadharia inatosha. Tuchukue fahirisi ya S&P 500 ya Marekani wakati ugonjwa wa korona ulipolitikisa soko, tuone lamda mbili zikifanya kazi bega kwa bega. Tuseme kufikia Ijumaa tarehe 21 Februari 2020 wote wawili, mtu wa 0.94 na mtu wa 0.97, wanaamini kuyumba kwa siku ni asilimia 0.70. Hiyo ni namba ya kuanzia niliyoiweka mimi. Tutaona hivi punde kwamba haina uzito mkubwa.

Jumatatu tarehe 24 fahirisi inashuka asilimia 3.35. Mraba wake ni 11.22. Mtu wa 0.94 anahesabu 0.94 × 0.49 + 0.06 × 11.22, anapata 1.13. Kipeuo chake cha pili ni 1.06, na hayo ndiyo makadirio yake ya Jumanne. Mtu wa 0.97 anafanya hivyohivyo na kupata 0.90. Wakiendelea siku kwa siku, hivi ndivyo wanavyoamka katika asubuhi chache, kabla soko halijafunguliwa:

| Siku | Makadirio kwa 0.94 | Makadirio kwa 0.97 | Lililotokea |
|---|---|---|---|
| 24 Februari | 0.70 | 0.70 | −3.35 |
| 28 Februari | 1.62 | 1.26 | −0.82 |
| 6 Machi | 2.26 | 1.75 | −1.71 |
| 9 Machi | 2.23 | 1.75 | −7.60 |
| 12 Machi | 3.16 | 2.42 | −9.51 |
| 16 Machi | 4.37 | 3.27 | −11.98 |

Soma safu ya mwisho ukilinganisha na zile mbili za katikati. Tarehe 9 Machi, siku ambayo bei ya mafuta iliporomoka na biashara ya hisa New York ikasimamishwa kwa muda, mtu wa 0.94 alikumbwa na pigo la mara 3.4 ya makadirio yake, na mtu wa 0.97 mara 4.4. Wote walichelewa. Hakuna lamda iliyoweza kuiona tarehe 24 Februari ikija, na yeyote anayekuuzia lamda kwa ahadi hiyo anakuuzia upepo. Lamda inaamua jambo moja tu: baada ya pigo la kwanza, unaamini upesi kiasi gani kwamba dunia imebadilika.

Baada ya soko kufungwa tarehe 16 Machi, mtu wa 0.94 ana makadirio ya 5.16 kwa kesho yake, na mtu wa 0.97 ana 3.83. Ukizidisha kwa kipeuo cha pili cha siku 252 za biashara ili kupata namba ya mwaka, ni takribani asilimia 82 kwa wa kwanza na 61 kwa wa pili. Siku hiyohiyo VIX, kipimo kinachotokana na bei za mikataba ya chaguo ya S&P 500, ilifunga kwa 82.69, kiwango cha juu kabisa katika historia ya kufunga kwake. Usilichukulie hilo kama ushahidi kwamba 0.94 ni sahihi, kwa sababu VIX inatazama siku 30 mbele na hii ni siku moja tu. Lakini inakuonyesha kwamba mtu wa 0.97 alikuwa bado anaishi katika soko ambalo wenzake walikuwa wameshalihama.

Na ile 0.70 ya mwanzo? Baada ya siku 16 za biashara imechangia chini ya asilimia 1 ya variansi ya mtu wa 0.94, na takribani asilimia 2 ya yule mwingine. Katika wakati tulivu ingekaa muda mrefu zaidi. Kwa kawaida chukua wastani wa miraba ya siku 60 za mwanzo uuweke kama v ya kwanza, na usizihesabu siku hizo katika majaribio yako.

Gharama ya kusahau upesi

Kwa hadithi hii mtu angeshawishika kwenda 0.85 moja kwa moja. Subiri. Tuseme kuyumba kwa kweli hakubadiliki kabisa, ni asilimia 1 kila siku mwaka mzima. Makadirio yako hayatatulia kwenye 1. Yatayumba yenyewe, kwa sababu kila siku unaingiza tukio moja la bahati nasibu na kulipa uzito. Idadi ya siku ambazo makadirio yako yanazitegemea kwa kweli ni (1 + λ) / (1 − λ). Kwa 0.94 ni siku 32, kwa 0.97 ni 66, kwa 0.85 ni 12 tu. Kama mabadiliko yanafuata mgawanyo wa kawaida, makadirio yako ya kuyumba yatakosea kwa kadiri ya asilimia 12 kwa 0.94, asilimia 9 kwa 0.97, na asilimia 20 kwa 0.85. Mabadiliko halisi ya bei yana siku kubwa nyingi kuliko mgawanyo wa kawaida unavyoruhusu, kwa hiyo hali ni mbaya kidogo kuliko hapo.

Asilimia 20 si jambo la kupuuza. Kama unapunguza na kuongeza mali yako kufuata makadirio hayo, utakuwa unanunua na kuuza kila siku kwa sababu ya kelele, huku dalali akikushukuru. Hapo ndipo ulipo mvutano wote wa kuchagua lamda: ukiwa mwepesi unayumbishwa na kelele, ukiwa mzito unachelewa. Kila mtu anaujua mvutano huu kwa maneno. Kazi ni kuupima kwenye data yako.

Jinsi ya kuupima

Njia ya RiskMetrics, mraba wa makosa, ina kasoro ambayo wengi hawaioni hadi waihesabu. Rudi kwenye jedwali letu. Tarehe 6 Machi mtu wa 0.94 alitabiri variansi ya 5.11, ikatokea 2.92. Mraba wa kosa ni 4.8. Tarehe 16 Machi alitabiri 19.1, ikatokea 143.5. Mraba wa kosa ni zaidi ya 15,000. Siku hiyo moja ina sauti sawa na siku zaidi ya elfu tatu kama ile ya kwanza, yaani zaidi ya miaka 12 ya soko. Ukichagua lamda kwa kipimo hiki, hujachagua lamda inayofaa data yako. Umechagua lamda inayofaa siku tano au sita za msukosuko zilizoangukia ndani ya data yako. Anza data yako mwezi mmoja baada ya msukosuko, na jibu linaweza kuhama kabisa.

Kipimo bora, ambacho wachumi wa takwimu hukiita QLIKE, hutoza kila siku adhabu hii:

```
log(v) + r² / v
```

Sehemu ya kwanza inakuadhibu kwa kutisha watu bila sababu, kwa kuwa v kubwa ina logarithi kubwa. Sehemu ya pili inakuadhibu kwa kutuliza watu bila sababu. Tarehe 9 Machi, siku ya pigo, mtu wa 0.94 anatozwa 13.2 na mtu wa 0.97 anatozwa 20.1. Tarehe 6 Machi, siku iliyokuwa tulivu kuliko walivyotabiri wote, mtu wa 0.94 anatozwa 2.20 na mwenzake 2.07, hivyo mzito anashinda kidogo. Na ile tarehe 16 iliyokuwa na sauti ya siku elfu tatu, sasa inamtoza mtu wa 0.94 adhabu ya 10.5, chini ya mara tano ya siku ya kawaida. Msukosuko bado unasikika, ila haufuniki kila kitu.

Kipimo hiki kina tabia nyingine ya kufaa. Ukitabiri nusu ya variansi ya kweli unatozwa zaidi kuliko ukitabiri mara mbili yake. Kwa anayelinda mtaji, hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa.

Kwa anayetumia Python, kazi nzima ni mistari hii michache. Hapa `r` ni safu ya mabadiliko ya kila siku kwa asilimia:

```python
import numpy as np

def adhabu(r, lam, mwanzo=60):
    v = np.mean(r[:mwanzo]**2)
    jumla = 0.0
    for x in r[mwanzo:]:
        jumla += np.log(v) + x**2 / v
        v = lam*v + (1 - lam)*x**2
    return jumla / (len(r) - mwanzo)

for lam in np.arange(0.85, 0.995, 0.01):
    print(round(lam, 2), round(adhabu(r, lam), 4))
```

Zingatia mpangilio ndani ya kitanzi: adhabu inatozwa kwanza, kisha ndipo v inapojifunza tukio la siku hiyo. Ukigeuza mistari hiyo miwili utafanya kosa lilelile la B2 na B3.

Ukichora adhabu dhidi ya lamda, utegemee kuona bakuli pana lenye sakafu bapa. Kati ya 0.93 na 0.96, tofauti mara nyingi huwa katika desimali ya tatu. Usijivunie 0.947 dhidi ya 0.94, kwa sababu data haina uwezo wa kuzitofautisha. Gawa data yako katika vipande vitatu au vinne vya miaka, tafuta sakafu ya bakuli katika kila kipande, uone inavyohama. Ikihama kutoka 0.91 hadi 0.96, basi hilo ndilo jibu lako la kweli: eneo, wala si namba. Ndani ya eneo hilo una uhuru, na uhuru huo uutumie kwa kuangalia kazi yako. Anayeweka ukomo wa hasara ya siku aende upande mwepesi. Anayelipa ada kila anapobadilisha kiasi cha mali aende upande mzito.

Kama uamuzi wako ni wa mwezi na si wa siku, usipime kwa siku. Jumlisha miraba ya mabadiliko ya siku 21 zijazo, ilinganishe na v yako ya leo ikizidishwa kwa 21, kisha ruka siku 21 mbele na urudie. Adhabu ni ileile. Kwa kawaida sakafu ya bakuli itasogea kuelekea lamda kubwa, kama walivyokuta RiskMetrics walipofika kwenye 0.97 kwa mwezi. Sababu ni kwamba mfano huu haujui kurudi. Ukiambiwa leo kuyumba ni asilimia 5, unatabiri asilimia 5 kwa kesho, kwa wiki ijayo na kwa mwezi ujao, wakati soko halisi lina mazoea ya kutulia baada ya dhoruba. Familia ya mifano ya GARCH, iliyoanzia kwa Robert Engle mwaka 1982 na kupanuliwa na Tim Bollerslev mwaka 1986, ina kiwango cha kudumu ambacho makadirio yanavutwa kurudi kwake. Mfano wetu ni ndugu yao asiye na nyumba ya kurudi. Kwa siku moja au tano mbele, kasoro hiyo haionekani sana. Kwa miezi mitatu usiutumie kabisa, hata uchague lamda gani.

Jambo moja zaidi kuhusu kutulia, kwani huwachanganya watu. Nusu-uhai wa siku 11 ni wa variansi. Kuyumba, kwa kuwa ni kipeuo cha pili chake, kunachukua siku 22 kufika nusu hata kama soko halisogei kabisa. Kwa 0.97 ni siku 46, zaidi ya miezi miwili ya kalenda. Msukosuko ukiisha, ripoti zako zitaendelea kupiga kelele kwa muda, na hiyo si hitilafu.

Pale ambapo hakuna lamda itakayokuokoa

Ukiuhamisha mfano huu kwenye masoko yetu, utakutana na mambo mawili ambayo S&P 500 haikukufundisha.

La kwanza ni bei zisizosogea. Katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, na kwa kampuni ndogo za Nairobi vilevile, hisa inaweza kukaa siku nyingi bila kuuzwa. Bei ya kufungia inabaki ileile, r inakuwa sifuri, na mfano unasoma sifuri hiyo kama utulivu. Kwa 0.94, siku kumi za sifuri zinapunguza makadirio ya kuyumba kwa takribani asilimia 27, na siku ishirini kwa asilimia 46. Kisha mnunuzi mmoja anajitokeza, bei inaruka asilimia 6, na unatozwa adhabu ya kutisha. Ukiendesha ule mzunguko wa lamda kwenye hisa ya namna hii, utaona adhabu za lamda ndogo zikipaa, kwa sababu v inakaribia sifuri na r² / v inalipuka. Sakafu ya bakuli itasukumwa hadi 0.98 au 0.99. Usifurahie kwamba umegundua tabia ya hisa hiyo. Umegundua kwamba haiuzwi. Kabla ya kuchagua lamda, hesabu sehemu ya siku ambazo r ni sifuri kamili. Ikizidi moja kati ya tano hivi, achana na data ya siku, tumia mabadiliko ya wiki na uchague lamda upya kwa wiki. Kiwango hicho ni cha busara yangu, si sheria.

La pili ni kubwa zaidi, na linamhusu kila anayelipa kwa dola. Mwishoni mwa 2022 dola moja ilikuwa karibu shilingi 123 za Kenya kwa kiwango rasmi. Mwishoni mwa 2023 ilikuwa karibu 156. Safari hiyo ilikwenda kwa hatua ndogondogo, karibu kila siku ya kazi, karibu zote upande mmoja. Kwa wastani ni kama asilimia 0.1 kwa siku. Lisha mfano wetu hatua hizo: mraba wake ni mdogo mno, na kwa lamda yoyote utakayochagua utaambiwa kuyumba kwa siku ni karibu asilimia 0.1. Ukizidisha kwa kipeuo cha pili cha siku 250 ili upate mwaka, ni takribani asilimia 1.6. Dola ilipanda zaidi ya asilimia 25.

Hapo lamda haina kosa. Kilichovunjika ni dhana mbili tulizoziacha zipite mwanzoni: kwamba wastani wa badiliko ni sifuri, na kwamba siku moja haifuati nyingine, dhana ambayo ndiyo inayoruhusu kuzidisha kwa kipeuo cha pili cha siku. Bei inayotembea upande mmoja hujikusanya kwa kuzidishwa kwa siku zenyewe.

Dalili yake ni rahisi kuipata, na itafute kabla ya kugusa lamda. Hesabu variansi ya mabadiliko ya siku moja, kisha variansi ya mabadiliko ya siku 20, zote bila kutoa wastani. Gawa ya pili kwa ya kwanza. Kama siku hazifuatani, utapata karibu 20. Ukipata 60 au 100, bei ina mwendo, na makadirio ya siku yatakudanganya kwa kila muda mrefu zaidi ya siku. Hapo pima kuyumba moja kwa moja kwenye muda wa malipo yako: ikiwa ankara hulipwa baada ya mwezi, tumia mabadiliko ya mwezi na ukubali kwamba una data chache. Utabaki na makadirio yenye ukungu, lakini yatakuwa yanajibu swali uliloulizwa na mweka hazina.

Ukishapita vipimo hivyo viwili, endesha mzunguko wa lamda, andika eneo la sakafu pamoja na tarehe za data uliyotumia, chagua namba moja ndani yake na uiache ikae. Irudie mara moja kwa mwaka. Kuibadilisha katikati ya msukosuko ni kishawishi kikubwa, kwa sababu siku hizo lamda ndogo daima huonekana yenye akili kuliko zote. Ukifanya hivyo, makadirio ya wiki hii hayatalinganishika na ya wiki iliyopita, na hutajua tena kama ni soko lililobadilika au ni wewe.